Eneo la mchoro wa presha na ujazo: kutoka 17.6 kW hadi 6.4 kW

*Mwalimu, shikamoo. Nina jedwali la presha na ujazo la injini ya petroli ya silinda moja, mipigo minne, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Nimechora, nikatafuta eneo lililozungukwa na mistari kwa njia ya trapeza, nikapata 351 J. Nikazidisha kwa mizunguko 50 ya kila sekunde, ikaja 17.6 kW. Dainamomita ya karakana yetu inasoma 6.4 kW tu. Nguvu nyingine imepotelea wapi? Na kwa nini hasa eneo liwe kazi?*

Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloonyesha wapi hesabu ilipoteleza.

Chukua pistoni yenye uso wa eneo A. Gesi yenye presha p (vitabu vya shule huiita kanieneo) inaisukuma kwa kani pA. Pistoni ikisogea kidogo kwa umbali Δx, kazi iliyofanyika ni pA·Δx. Lakini A·Δx ni ujazo ulioongezeka ndani ya silinda, yaani ΔV. Kwa hiyo kazi ya hatua hiyo ndogo ni p·ΔV, na kwenye grafu hicho ni kipande chembamba kilichosimama chini ya mstari, urefu wake p na upana wake ΔV. Ukivipanga vipande vyote tangu pistoni iko juu kabisa mpaka ifike chini kabisa, unapata eneo lote lililo chini ya mstari wa kupanuka. Hiyo ndiyo kazi ambayo gesi imeipa pistoni.

Pistoni ikirudi juu, ujazo unapungua na ΔV inakuwa hasi. Sasa pistoni ndiyo inayoifanyia gesi kazi, na kiasi chake ni eneo lililo chini ya mstari wa kugandamiza. Tofauti ya maeneo hayo mawili ndiyo faida, nayo ndiyo ile nafasi iliyofungwa katikati ya mistari. Ukifuata mistari kwa mpangilio wa matukio ukajikuta unazunguka kama mshale wa saa, injini inatoa kazi. Ukizunguka kinyume chake, mtambo unakula kazi, kama kompresa ya friji.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ukiongeza kiasi kilekile kwenye kila usomaji wa presha, eneo lililofungwa halibadiliki hata kidogo, kwa sababu kile kilichoongezeka wakati wa kwenda kinatolewa wakati wa kurudi. Basi kama jedwali lako lilipimwa juu ya presha ya hewa au kuanzia sifuri kamili, kazi itatoka ileile. Vivyo hivyo ukikosea ujazo wa chumba cha mwako, mradi umekosea sawasawa kwenye safu nzima. Mchoro mzima unahama tu, hauvimbi wala hausinyai. Kinachoharibu eneo ni skeli ikivutwa, au mstari mmoja ukihama na mwenzake ukabaki.

Sasa tuje kwenye namba. Jedwali lako nimelipanga hivi. Ujazo uko katika cm³ na presha katika bar.

| V | kugandamiza | kupanuka | tofauti |
|---|---|---|---|
| 50 | 19.95 | 59.85 | 39.90 |
| 100 | 8.10 | 24.31 | 16.21 |
| 150 | 4.78 | 14.35 | 9.57 |
| 200 | 3.29 | 9.87 | 6.58 |
| 250 | 2.46 | 7.39 | 4.93 |
| 300 | 1.94 | 5.83 | 3.89 |
| 350 | 1.59 | 4.77 | 3.18 |
| 400 | 1.34 | 4.01 | 2.67 |
| 450 | 1.15 | 3.44 | 2.29 |
| 500 | 1.00 | 3.00 | 2.00 |

Safu ya tofauti inakuepusha na kutafuta maeneo mawili makubwa kisha kuyatoa, kazi ambayo kila kosa dogo huonekana kubwa mwishoni. Njia ya trapeza inasema: chukua nusu ya jumla ya namba ya kwanza na ya mwisho, ongeza zote za katikati, zidisha kwa upana wa hatua. Nusu ya 39.90 na 2.00 ni 20.95. Za katikati zinafika 49.32. Jumla ni 70.27, mara 50 inakuwa 3,513 bar·cm³. Kipimo hiki cha ajabu ni rahisi kukibadilisha: bar 1 ni 100,000 Pa na cm³ 1 ni sehemu moja ya milioni ya mita ya ujazo, kwa hiyo 1 bar·cm³ ni 0.1 J. Ndiyo hiyo 351 J yako. Kujumlisha hukukosea.

Kosa kubwa kuliko yote liko baada ya hapo. Umezidisha kwa mizunguko ya krankshafti, ilhali 351 J ni kazi ya saikeli moja. Injini ya mipigo minne huvuta, hugandamiza, huwaka na kutoa, na hayo yote huchukua mizunguko miwili. Mizunguko 50 kwa sekunde ni saikeli 25 tu. Kwa hatua hiyo peke yake 17.6 kW inashuka hadi 8.8 kW. Ingekuwa injini ya mipigo miwili, kama zile kubwa za dizeli zinazozunguka polepole kwenye meli za mizigo, 50 ingekuwa sahihi. Kosa hili halijifichi sana: ukipata nguvu ambayo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya dainamomita, hesabu saikeli kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Kosa la pili ni dogo, ila ndilo lenye funzo kuhusu eneo lenyewe. Tazama kipande cha kwanza, kutoka 50 hadi 100 cm³. Tofauti inaporomoka kutoka 39.90 hadi 16.21, na mstari umepinda vikali kama upinde uliolegea kuelekea chini. Trapeza inakata mkato ulionyooka juu ya upinde huo, kwa hiyo inahesabu pembe ya nafasi tupu ambayo si mali ya mchoro. Kipande hicho kimoja kimebeba 140 J kati ya zile 351, yaani asilimia 40 ya kazi yote iko ndani ya sehemu moja ya tisa ya mwendo wa pistoni. Ukilegea hapo, huwezi kufidia kwingine.

Dawa ni kuongeza pointi pale mstari unapopinda, wala si kuziongeza kila mahali. Jedwali halina usomaji wa 75 cm³, lakini unaweza kuupata, kwa sababu mistari yote miwili inafuata kanuni ya pVⁿ isiyobadilika. Tafuta n kwa kutumia ncha mbili za mstari wa kugandamiza:

```
n = ln(19.95 / 1.00) / ln(500 / 50) = 1.30
```

Usiamini ncha mbili peke yake, jaribu katikati. Kwa 250 cm³, presha inatakiwa kuwa 2 kwa kipeo cha 1.30, yaani 2.46 bar, na jedwali linasema hivyohivyo. Sasa 75 cm³ inatoa 11.78 bar kwenye kugandamiza. Kupanuka ni mara tatu yake, 35.34, na tofauti ni 23.56. Kwa kanuni ya Simpson kipande cha kwanza kinakuwa (25/3) × (39.90 + 4×23.56 + 16.21), sawa na 125 J badala ya 140. Fanya hivyo na cha pili kwa kuongeza pointi ya 125 cm³, nacho kinashuka kutoka 64.5 hadi 62 J. Jumla mpya ni karibu 334 J. Vipande saba vilivyobaki viache kama vilivyo, kwa sababu vyote pamoja vina kosa lisilofika 2 J.

Na kwa kuwa tayari tunaijua n, tunaweza kupata eneo bila kukata vipande kabisa:

```
W = (p1·V1 − p2·V2) / (n − 1)
kupanuka:    (59.85×50 − 3.00×500) / 0.30 = 4975 bar·cm³ = 497.5 J
kugandamiza: (19.95×50 − 1.00×500) / 0.30 = 1658 bar·cm³ = 165.8 J
faida: 331.7 J
```

Basi tushike 332 J. Mara 25 ni 8.3 kW. Ona pia kwamba theluthi moja ya kile gesi ilichotoa wakati wa kupanuka ilirudi kulipia kugandamiza. Injini hii ina silinda moja, kwa hiyo deni hilo hulipwa na gurudumu zito lililo mwisho wa krankshafti, ambalo liliweka akiba kwenye saikeli iliyotangulia.

Kama unapendelea karatasi ya grafu, chagua skeli itakayokurahisishia kazi. Weka 1 cm kwa 5 bar wima na 1 cm kwa 50 cm³ ulalo. Mraba mmoja wa sentimita unakuwa 250 bar·cm³, sawa na 25 J, na kile kimraba kidogo cha milimita 2 kwa 2 kinakuwa 1 J kamili. Mchoro utakuwa na kimo cha sentimita 12 na upana wa 9. Hesabu vimraba vilivyo ndani, na vinavyokatwa na mstari vihesabu pale tu ambapo zaidi ya nusu iko ndani. Mtu makini atapata karibu 332. Watu hukosea hapa kwa kuhesabu mpaka kwenye mhimili wa chini, wakajumlisha na eneo lililo chini ya mstari wa kugandamiza. Ukipata karibu 500, ndilo kosa ulilofanya.

Wahandisi wa meli na wa injini za mvuke walikuwa na njia ya mkato zaidi. John Southern, msaidizi wa James Watt, mwaka 1796 aliiwekea indiketa, kifaa cha kuonyesha presha ya ndani ya silinda, ubao unaosogea pamoja na pistoni ili kalamu ichore mchoro wenyewe, na mwaka 1854 Mswisi Jakob Amsler akabuni planimita, mkono mdogo wenye gurudumu unaopima eneo kwa kupitisha ncha yake juu ya mstari. Kwa mchoro wa namna hiyo hugusi joule kwanza. Unagawanya eneo kwa urefu wa mchoro, unapata kimo cha wastani, kisha unazidisha kwa skeli ya springi ya indiketa. Kwenye mchoro wetu eneo ni 13.3 cm², gawanya kwa 9 cm upate 1.47 cm, zidisha kwa 5 bar upate 7.4 bar. Hiyo ni presha ya wastani yenye kufanya kazi: presha moja isiyobadilika ambayo, ikisukuma pistoni katika mpigo mmoja mzima, ingetoa kazi ileile. Izidishe kwa 450 cm³ zinazofagiliwa na pistoni na unarudi palepale kwenye 332 J. Faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha injini ndogo na kubwa bila ukubwa kukuchanganya.

Jedwali lako lina mistari miwili tu, wakati injini ina mipigo minne. Miwili iliyobaki, ya kuvuta na kutoa, haipo. Kwenye kutoa, pistoni inasukuma moshi nje dhidi ya presha iliyozidi kidogo ile ya hewa. Kwenye kuvuta, silinda iko chini kidogo ya presha ya hewa. Mistari hiyo miwili inafanya kitanzi chembamba chini ya kile kikubwa, nacho kinazungushwa kinyume cha saa. Kwa hiyo eneo lake linatolewa. Tuseme wastani wa kutoa ni 1.15 bar na wa kuvuta ni 0.90 bar, namba za kawaida throto ikiwa wazi. Tofauti ya 0.25 bar kwa 450 cm³ ni 11 J. Kazi halisi ya saikeli inakuwa 321 J, nguvu ikiwa 8.0 kW. Injini hiyohiyo throto ikiwa karibu kufungwa, kuvuta kukishuka hadi 0.4 bar na kutoa kukawa 1.05, kitanzi hicho kinakula 29 J, wakati kitanzi kikubwa nacho kimesinyaa kwa kukosa mchanganyiko. Hii ni sababu mojawapo ya injini ya petroli kula mafuta vibaya ikibebeshwa mzigo mdogo.

Inabaki tofauti ya 8.0 na 6.4 kW. Eneo linapima kile gesi inachoipa pistoni. Dainamomita inapima kile kinachofika kwenye ncha ya krankshafti, baada ya ringi kusuguana na ukuta wa silinda, beringi, camu za vali, pampu ya oili na feni kuchukua chao. Ukigawanya 6.4 kwa 8.0 unapata asilimia 80, na kwa injini ya aina hii namba hiyo haishangazi.

Hata hivyo nisingeiandika 80 kwenye ripoti. Tazama tena mstari wa kwanza wa jedwali: kwenye 50 cm³ presha inaruka wima kutoka 19.95 hadi 59.85, kana kwamba mafuta yote yameungua pistoni ikiwa imesimama. Na kwenye 500 cm³ inaanguka wima kutoka 3.00 hadi 1.00. Hakuna injini inayofanya hivyo. Plagi hupiga cheche kabla pistoni haijafika juu, mwako huendelea pistoni ikiwa tayari inashuka, na vali ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini. Mchoro uliopimwa una pembe za mviringo, na eneo lake ni dogo kuliko la jedwali hili, ambalo kwa kila dalili limetengenezwa kwa kanuni. Kwa hiyo katika ile 1.6 kW inayokosekana, sehemu ni msuguano na sehemu ni kazi ambayo haikuwahi kuwapo ila kwenye karatasi. Kuzitenganisha kunahitaji mchoro uliopimwa kwa kihisi cha presha kwenye injini hiyohiyo.

Mkipata kihisi hicho, data itakuja kwa digrii za krankshafti na si kwa ujazo. Geuza kila digrii kuwa ujazo kwanza, ukitumia θ kama pembe ya krankshafti tangu pistoni iko juu kabisa, r kama nusu ya mwendo wa pistoni, l urefu wa konrodi, A eneo la uso wa pistoni na Vc ujazo wa chumba cha mwako:

```
V = Vc + A·( r + l − r·cosθ − sqrt(l² − r²·sin²θ) )
```

Usijaribu kuchukua wastani wa presha moja kwa moja, kwani digrii zinazolingana hazileti ujazo unaolingana. Karibu na juu kabisa pistoni haiendi popote. Na konrodi ikiwa mara 3.5 ya r, kwenye digrii 90 pistoni imeshashuka asilimia 57 ya mwendo wake, si 50. Ukiwa na safu A ya ujazo katika cm³ na safu B ya presha katika bar, andika hivi kuanzia mstari wa tatu wa jedwali lako la kompyuta, uiburute hadi mwisho, ujumlishe:

```
=0.05*(B3+B2)*(A3-A2)
```

Jibu linatoka katika joule. Ujazo unapopungua alama ya hasi inajiweka yenyewe, kwa hiyo mipigo yote minne inajumlishwa na kutolewa inavyostahili, pamoja na kile kitanzi cha chini. Sharti ni moja: data ianzie na kuishia mahali palepale, digrii 720 kamili. Ukiacha kitanzi wazi, lile jambo la presha kuongezwa sawasawa bila madhara halitumiki tena.

Kosa la hatari zaidi hapa ni alama ya pistoni kuwa juu kabisa. Ikihama digrii moja tu, mistari miwili inahama kwa pande tofauti: presha zikisomwa kana kwamba zimechelewa, mstari wa kugandamiza unashuka na wa kupanuka unapanda, na eneo linaongezeka kwa asilimia kadhaa bila tone la mafuta kuongezwa. Ukiligundua baadaye kwenye namba za mwisho, litaonekana kama msuguano. Namna ya kulikamata ni kuzungusha injini kwa mota, mafuta yakiwa yamefungwa na cheche imezimwa, kisha kuchora mistari ya kugandamiza na kupanuka. Inatakiwa ikaribie kulaliana, ule wa kupanuka ukiwa chini kidogo ya mwenzake, kwa kuwa gesi imepoteza joto kwenye kuta na kiasi kimevuja kwenye ringi. Ukiuona wa kupanuka uko juu, injini isiyo na moto inadai kufanya kazi. Sogeza alama yenu mpaka madai hayo yaondoke, ndipo muwashe mafuta na kupima eneo.